Yule fundi amenizibia vitundu vya sanruufu kwa silikoni, halafu anataka nimshukuru!

Mama_Njiro (mwanzisha uzi):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nimetoka kwake sasa hivi. Sina haja ya kumtaja. Mtu yeyote wa Chuga mwenye gari anamjua yule bwana wa ovaroli safi ambayo haijaonja oili tangu aishone. Leo amenimaliza.

Nilimpelekea gari wiki iliyopita kwa jambo dogo tu: dari linalowa kwenye kona ya mbele, upande wa abiria, mvua ikinyesha. Akanirudishia akasema imepona. Usiku wa kuamkia leo mvua ikapiga Njiro kama mnavyojua. Gari imeegeshwa, imefungwa, funguo ziko chini ya mto wangu. Saa nane honi ikaanza kulia yenyewe! Nikatoka na kanga moja, nakuta waipa zinafanya kazi, indiketa zote nne zinawaka, na kioo cha nyuma kinashuka taratibu mvua inaingia ndani. Mtaa mzima uliamka, hadi mzee jirani ambaye hajaamshwa na kitu tangu awamu ya kwanza alitoka na tochi. Honi haikunyamaza mpaka nilipochomoa betri.

Asubuhi nikairudisha betri ili nimpelekee. Gari inawaka, lakini kwenye dashibodi taa ya ABS, ya eabegi na ya stering zote ziko juu. Ukipiga indiketa ya kulia, mlango wa nyuma unajifunga loki.

Nikamuuliza kwa adabu, bwana, ulifanya nini? Akafungua sanruufu, akanionyesha kwa kidole huku anatabasamu: "Mama, nilipaka silikoni pembeni kote. Halafu vile vitundu vya kwenye kona ndivyo vilikuwa vinaingiza maji, nikakuzibia bure. Hiyo sikukuchaji."

BURE! Kwenye kila kona donge jeupe la silikoni ukubwa wa karanga, na nyuma yake maji yamesimama, yameoza na majani ya jakaranda. Alivyosema "sikukuchaji" vijana wake wote wakatikisa kichwa kama amenipa kiwanja. Nikamwambia nirudishie hela yangu, akaniambia niwe na shukrani. Shukrani! Vitundu, bure!

Chalii_wa_Sanawari:

Mama, kwanza tuambie sanruufu ya nini na baridi hii ya Arusha? Unaifungua mwezi gani?

Mama_Njiro:

Gari ilikuja nayo! Nimekuja hapa na uchungu wewe unaniuliza mwezi!

Kiti_Moto_Tengeru:

"Nimekuzibia bure" 😂😂 Huyo namjua. Mimi alinifungia boneti kwa waya na hakuchaji pia.

Baba_Wawili:

Tatizo si vitundu, tatizo ni mpira wa sanruufu umechoka. Ungekuwa mzima maji yasingefika huko kwenye vitundu. Tafuta mpira mpya, hata mtumba, kazi imeisha. Na hizo taa tafuta mtu mwenye mashine ya kupimia gari azifute.

Soketi_Moshi:

Pole sana mama. Baba Wawili, mpira ukiwa umechoka maji yanaongezeka, hapo uko sawa. Lakini hata gari mpya, mpira wa sanruufu hauzuii maji yote. Imetengenezwa ikijua kwamba mengine yatapita. Chini ya kile kioo cha darini kuna sinia linalokizunguka pembeni kote, na kwenye kona zake nne kuna hivyo vitundu. Kila kitundu kina mpira mwembamba kama mrija. Wa mbele unashuka ndani ya nguzo ya kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya fenda, wa nyuma unashukia nguzo za nyuma. Maji yanaingia, yanapita, yanamwagika barabarani, wewe hujui kitu. Kwa hiyo vile vitundu ni vya kutoa maji, haviingizi.

Nadhani mwanzo kona moja tu ilikuwa imeziba kwa majani, ndiyo maana dari lililowa upande mmoja. Alipoziba zote, sinia likajaa hadi ukingoni. Maji yakafuata nguzo, yakapanda kwenye fungu la waya, na waya ndiyo barabara ya maji: yanateleza juu yake hadi kwenye soketi ya chini kabisa. Kwenye gari nyingi hapo ndipo lilipo boksi la fyuzi na lile boksi linaloongoza honi, waipa, taa, vioo na loki. Kwenye mashine utaona limeandikwa BCM.

Mama_Njiro:

Sasa boksi kulowa ndiyo honi ijipigie saa nane usiku? Si lingekufa tu tukajua moja?

Soketi_Moshi:

Lingekufa ingekuwa nafuu. Swichi nyingi za gari hazipeleki umeme mkubwa kwenye honi. Boksi linashikilia umeme kidogo kwenye waya wa swichi, ukibonyeza, waya ule unaguswa na bodi ya gari, umeme unashuka, boksi linaelewa "amebonyeza". Sasa tone la maji machafu likikaa kati ya pini ya swichi na pini ya bodi, umeme unashuka vilevile. Boksi halina namna ya kujua kwamba hakuna kidole. Linapiga honi kwa uaminifu kabisa. Na tone linasogea, linakauka, linarudi, ndiyo maana leo ni honi, kesho ni loki.

Taa za ABS na stering ni habari nyingine kidogo. Maboksi yote yanaongea kwenye waya mbili za pamoja. Hili likianza kugugumia, wenzake wanawasha taa kulalamika kwamba hawalisikii. Ukipima kwa mashine, ukikuta kodi ya U0140 kwenye boksi la injini au la ABS, maana yake hao ni wazima, wanamsema aliyenyamaza. Ukifuta bila kukausha, taa zinarudi.

Baba_Wawili:

Basi anunue boksi la mtumba abandike. Unga Limited yapo.

Soketi_Moshi:

Kwenye gari nyingi za sasa boksi hilo linajua funguo zake. Ukibandika la gari nyingine, unaweza kukaa na gari isiyowaka hadi mtu aliprogramu. Na kama vitundu bado vimezibwa, mvua ijayo unazamisha la pili.

Mwl_Pasua:

Mimi yangu pia inawasha taa ya eabegi na sanruufu sina kabisa. Ni panya. Nyumbani Moshi panya wamekula waya za chini ya kiti, nimeweka sumu, nimeweka paka, paka naye amezaa humohumo ndani ya gari. Nifanyeje?

Chalii_wa_Sanawari:

Mwalimu, hao watoto wa paka unagawa?

Mama_Njiro:

Jamani turudi kwenye mada! Vitundu! Alizibaaa! Soketi, ndugu yangu, nifanye nini maana kesho anga limefunga tena.

Soketi_Moshi:

La kwanza kabla ya yote, chomoa betri, waya wa hasi, na uiache hivyo. Maji peke yake si adui mkubwa. Maji pamoja na umeme ndiyo yanakula shaba: pini inayopitisha umeme ikilowa inaota ukungu wa kijani haraka sana. Kila ukiwasha "uone kama imepona" unaila mwenyewe.

Halafu silikoni itoke. Ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki, bisibisi itatoboa sinia. Vitundu vizibuliwe kwa uzi wa nailoni ule wa mashine ya kufyekea nyasi, usukume taratibu hadi utokeze chini. Asije mtu na kompresa! Ule mpira umevishwa tu kwenye kinywa cha sinia, upepo ukigonga kizibo unauchomoa ndani ya nguzo, na hapo utashusha dari zima kuurudisha. Kizibuo kikipita, mimina maji nusu lita polepole kwenye kila kona, mtu mwingine achungulie chini. Yakitoka chini yote, vizuri. Yakitoka kidogo, ncha ya chini ina tope. Yasipotoka kabisa na sinia halijai, mpira umeshachomoka na unamwagilia ndani.

Boksi lenyewe litolewe, lifunguliwe. Pini zikiwa na ukungu mweupe au kijani kidogo, zinasuguliwa kwa brashi laini na spiriti ya aisopropili, si ile ya kidonda yenye maji mengi, kisha likauke siku nzima mahali pakavu. Kama kutu imeingia chini ya vipande vidogo vya kwenye bodi ya ndani ya boksi, linaweza kufanya kazi sasa na kukugeuka baadaye. Hapo sikuahidi kitu.

Baba_Wawili:

Si aweke kwenye mchele?

Soketi_Moshi:

Mchele upikwe.

Mama_Njiro:

Na taa ya eabegi? Zulia la abiria nimelibonyeza, linatoa maji hadi kwenye vidole.

Soketi_Moshi:

Hiyo inaweza kuwa boksi, au soketi ya njano chini ya kiti imelowa. Siwezi kukuambia bila zulia kunyanyuliwa, na liondolewe kabisa, maana sponji yake inashika maji wiki nyingi wakati juu pameshakauka. Hiyo soketi usiiguse betri ikiwa imeunganishwa, na asije mtu kuipima kwa taa ya kujaribia.

Fundi_Halali:

Wakuu msitukane mafundi wote. Mteja naye anakuja "ziba panapovuja", unaziba, kesho anakuita mwizi. Aseme alimlipa shilingi ngapi.

Mama_Njiro:

Nililipa alichotaja, taslimu, sikuomba hata punguzo! Na nilimwambia dari LINALOWA, sikumwambia aguse vitundu. Vitundu alivitafuta mwenyewe! Akaviziba mwenyewe! Akavitangaza mwenyewe mbele ya watu kwamba ni bure! Nikifumba macho namwona na kile kidole!

Dada_Kaloleni:

Mafundi wote ni wale wale tu. Mimi fundi cherehani amenishonea sare ya sendofu ya mdogo wangu, mikono miwili yote ya kushoto. Namuuliza, ananiambia "nimekuongezea na mfuko, huo sikuchaji".

Kiti_Moto_Tengeru:

😂😂😂 Hao wamesoma darasa moja.

Mwl_Pasua:

Dada Kaloleni, huyo wako yuko stendi ndogo? Kama ndiye, ana suruali yangu tangu Pasaka.

Dada_Kaloleni:

Ndiye huyohuyo! Ana pazia za mama mkwe wangu pia! Tufungue uzi wake!

Chalii_wa_Sanawari:

Fungueni hapahapa. Mimi ana kaunda suti ya marehemu babu, ilikuwa ya kupunguza kiuno.

Soketi_Moshi:

Mama Njiro, umechomoa betri?