Picha ya babu ya 1968: PhotoScan, kamera ya kawaida au skana ya steshenari?

mjukuu_wa_babu
Wadau habari zenu. Nina picha ya babu ya 1968, nyeusi na nyeupe, saizi ya postikadi, karatasi ile ya kung'aa, ilipigwa studio hapa Tanga na ndio nakala pekee tuliyobaki nayo. Nataka niipige kwa simu niwatumie ndugu walioko Muscat. Nimeshapiga mara nane, kila nikiangalia kuna utepe mweupe umepita juu ya koti lake na kivuli cha simu kimekaa miguuni. Mmoja kaniambia app ya PhotoScan, mwingine kamera ya kawaida tu dirishani, mwingine peleka steshenari waiskani. Kipi bora?

jua_kali
Toka nje mkuu, jua la saa nne asubuhi linatosha, mwanga ukiwa mwingi picha haitikisiki. Taa za ndani ndio zinakuharibia.

fundi_lenzi
Jua_kali kwenye kutikisika uko sawa. Ila karatasi ya kung'aa ukiilaza nje inakuwa kama maji ya kisima, mbingu yote unaiona humo, na koti jeusi linatoka kijivu hata pasipo utepe wowote. Mwanga unadunda kama mpira ukutani, ukitoka juu unarudi juu na simu yako iko hukohuko juu. Kwa hiyo mwanga utoke ubavuni.

Mjukuu fanya hivi. Zima taa zote na flashi, laza picha sakafuni au kwenye stuli fupi pembeni ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, chini yake tandika kitambaa cheusi. Upande usio na dirisha simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga, la sivyo nusu ya picha itakuwa na giza. Na usiikaribie sana, ukiwa karibu simu inaleta kivuli na lenzi inavimbisha katikati. Kama simu yako ina lenzi ya zumu weka 2x usimame mbali, kama haina rudi nyuma kidogo halafu ukate kingo baadaye.

mama_wawili
Na mimi naomba msaada, yangu ya harusi imegandana na kioo cha fremu, niibandue vipi ili niipige?

fundi_lenzi
Usiibandue dada!! Sura itabaki kwenye kioo. Ipige hivyohivyo na kioo chake, mwanga wa ubavuni uleule.

steshenari_boi
Mimi nina skana dukani na nasema skana, kwa picha iliyolala vizuri huna haja ya kuhangaika na pembe wala kivuli, ila mwambie aweke 600 dpi maana wengi tumezoea kuskani vyeti kwa 200. Sasa kama imejikunja usikubali aikandamize na kifuniko, itapasuka.

mjukuu_wa_babu
Imejikunja kona mbili, na kuitoa nyumbani bibi hataki hata kusikia. Nimejaribu PhotoScan, ile ya kufuata vidoti vinne, utepe umeondoka kweli lakini ndevu za babu zimekuwa kama zimepakwa mafuta.

fundi_lenzi
Ndio bei yake hiyo. Inapiga picha kadhaa kutoka pembe tofauti inaziunganisha, na karatasi isiyolala sawa haziungani vizuri. Naitumia pale dirisha halinisaidii, kama picha ziko ukutani juu.

Na ili picha isitoke imekaa upande, chukua kioo kidogo cha kujitazamia ukilaze juu ya meza pale picha itakapokaa, nyanyua simu mpaka uone lenzi yake yenyewe iko katikati kabisa ya skrini. Hapo simu imelingana na meza. Kaza mkono au iegemeze kwenye vitabu, toa kioo, weka picha. Ukishapiga linganisha upana wa juu na wa chini, kukiwa na tofauti simu ililala.

mjukuu_wa_babu
Nimerudi. Kioo kimefanya kazi. Ila kulikuwa na wingu jeupe kifuani kwa babu, nikageuza picha, nikahamisha stuli, bado, kumbe ni fulana yangu nyeupe nilivyoinama! Nimeazima buibui la dada, wingu limeondoka, na sasa naona mpaka kishikizo cha koti ambacho hatujawahi kukiona. Kwenye WhatsApp nimewatumia kama Document isibanwe.

steshenari_boi
Haha buibui. Sasa za miaka ya themanini zenye karatasi ya vinundu kama sega la nyuki je? Hizo mwanga wa ubavuni unaamsha vinundu vyote.

fundi_lenzi
Hizo natumia madirisha mawili yanayotazamana, mwanga sawa pande zote, vinapungua lakini haviishi.

mama_wawili
Mimi hizo PhotoScan imenitolea safi kuliko dirisha.

fundi_lenzi
Mh. Ikuze usoni kwanza halafu uniambie.