Msaada: aya za ngeli niziweke kwenye jedwali la namna gani?

Chipukizi_Dom: Wakuu, naandika insha ya mapitio kuhusu ngeli. Nina aya sita, zote "huyu anafasili hivi, ilhali yule anafasili vile". Msimamizi kasema nizifanye jedwali moja. Nitumie Word au Excel? Nawasilisha Ijumaa.

Bi_Kidawa: Waandishi wangapi? Wanatofautiana katika nini hasa?

Chipukizi_Dom: Wanne. Wawili wanagawa nomino kwa viambishi vyake, wawili kwa upatanisho.

Fundi_Kompyuta: Excel, hakuna mjadala. Majina ya waandishi juu, pembeni "fasili", "sifa", "udhaifu". Jaza kila kisanduku, kikibaki kitupu wataona hukusoma.

Bi_Kidawa: Kupanga kwa Excel sawa. Kujaza kila kisanduku, hapana. Mwandishi kama hakuligusa jambo, andika "hajalizungumzia", usije ukamsingizia. Na mstari wa "fasili" utakuletea sentensi nne ndefu zisizogusana. Weka swali ambalo wote lazima walijibu, mfano "kiongozi" anaingia wapi:

```
Nomino    Viambishi   Upatanisho
kiongozi  KI-VI       A-WA
```

Wa viambishi wanatazama kiongozi/viongozi, wa upatanisho wanatazama "kiongozi amefika, viongozi wamefika". Ugomvi wote umeonekana hapo. Ila jihadhari na mstari wa "idadi ya ngeli". Anayefuata namba za wanaisimu Bleek na Meinhof anahesabu umoja mbali na wingi mbali: ki- ni 7, vi- ni 8. Anayeandika KI-VI anahesabu jozi. Ukizipanga idadi hizo bega kwa bega, msomaji atadhani mmoja kaona ngeli nyingi zaidi. Tanguliza mstari wa "anahesabu nini?"

Mwanafunzi_Jioni: Mimi yalinikuta. Jedwali langu lilikula kurasa tatu, karatasi nimeilaza, kila kisanduku aya nzima niliyoinakili. Likarudi na wino mwekundu: "Hizi ni aya zilizowekewa uzio." Kwa hasira nikafuta aya zote, nikabakiza jedwali la manenomaneno. Likarudi tena: "Wewe unasemaje?" Mara ya tatu nikaweka jedwali la nusu ukurasa, chini yake aya mbili za kueleza kwa nini wanatofautiana. Ndipo likapita.

Mzee_wa_Pwani: Na "rafiki yangu amekuja" mtaiweka kisanduku gani? "Yangu" inavuta I-ZI, "amekuja" inavuta A-WA. Hapo hao wa upatanisho wanasemaje?

Fundi_Kompyuta: Sahihi ni "rafiki wangu".

Mzee_wa_Pwani: Na baba je, ni "baba wangu"?

Bi_Kidawa: Mzee ana hoja. Wengi wanafuata kitenzi, lakini huo tayari ni uamuzi, na jedwali litauficha. Uandike kwenye aya ya chini.

Chipukizi_Dom: Asanteni. Nimebakiwa na mistari mitatu. Sasa nimerudia kumsoma wa nne, kumbe anachanganya viambishi na upatanisho. Nimpe safu yake?

Fundi_Kompyuta: Excel ina safu za kutosha.

Mzee_wa_Pwani: Huyo asubiri. Fundi hajanijibu la baba.