Altrasaundi imesema ini lina mafuta na dalili za makovu: mliopitia hili tupeane uzoefu

Mtunza Stoo
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 46, kilo 94, natunza stoo Kariakoo. Nilienda kupima kwa sababu ya uzito fulani chini ya mbavu za kulia, hasa nikikaa muda mrefu. Ripoti kwa ufupi inasema ini limekua kidogo, linang'aa kuliko figo ya kulia, nyama yake imekuwa ya kukwaruza, ukingo hauko laini sana, bandama ni ya kawaida. Chini wameandika "ini lenye mafuta, na dalili za makovu." Daktari aliniambia nibadilishe mtindo wa maisha nirudi baada ya miezi 6, akaita mgonjwa mwingine. Dakika mbili hazikufika. Bia nakunywa tatu za mwisho wa wiki, soda mbili kila siku kazini. Mliowahi kuambiwa hivi, mlianzia wapi? Na hayo makovu yanafutika?

Mama Tegeta
Pole kaka yangu. Umenirudisha nyuma miaka mitatu. Mimi pombe sijawahi kuonja, nikaambiwa hivyo hivyo, nikalia kwenye daladala watu wananiangalia.

Kosa langu nililifanya wiki ile ile. Kwa hofu niliacha kula. Asubuhi maji ya ndimu, mchana tango, usiku mboga za majani bila kitu. Kutoka kilo 88 nikashuka hadi 79 ndani ya wiki tano, majirani wakanisifu. Usiku mmoja wa saa nane nikaamka na maumivu yanayoanzia chembe ya moyo yanapita hadi bega la kulia, natapika nyongo, siwezi kulala wala kukaa. Mume wangu alinibeba mgongoni hadi barabarani. Kumbe mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari wa upasuaji akaniuliza nimepungua kilo ngapi na kwa muda gani, nilipomjibu akatikisa kichwa. Akasema mwili ukipungua haraka hivyo, nyongo inatengeneza mawe, na ini lenyewe linaelemewa na mafuta yanayotoka mwilini kwa mkupuo. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda kuliko mwanzo.

Baada ya upasuaji uzito ukarudi wote, 88. Ndipo nikaanza upya, taratibu: nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna kitu. Ugali nilikuwa nakula wa kujaza sahani, nikaupunguza hadi ukubwa wa ngumi yangu, maharage na mchicha vikachukua nafasi. Chai vijiko vitatu vya sukari, sasa hakuna. Nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani natembea kwa haraka hadi jasho litoke, siku tano kwa wiki. Ilinichukua miezi 11 kufika kilo 79, zile zile za mwanzo. Safari hii vimeng'enya vilishuka na altrasaundi ikaonyesha mwangaza umepungua.

Fundi Redio
Soda. Kwangu ilikuwa soda tu, wala si nyama.

Mzee wa Busara
Jambo liko wazi, ini limejaa mafuta kwa sababu unakula mafuta. Acha mafuta yote, chipsi, nyama, parachichi, karanga. Kunywa juisi ya matunda asubuhi na jioni, isafishe ini.

Fundi Redio
Mzee, heshima yako, lakini juisi ndiyo ile ile soda iliyovaa kanzu. Glasi moja ya juisi ya machungwa ni machungwa manne na nyuzi zake zimetupwa. Chipsi aache, hapo nakubali. Parachichi halijamkosea mtu.

Mti Shamba
Mdau, usihangaike na mahospitali. Nina unga wa mizizi saba uliochanganywa na shubiri, siku 21 ini linakuwa kama la mtoto. Nitafute pembeni.

Dada wa Zamu
Mti Shamba, naomba uwe na huruma. Nipo wodini. Tumempokea kijana aliyekunywa unga wa namna hiyo, macho ya njano kama manjano ya pilau, mkojo rangi ya chai ya rangi, na hakuna aliyeweza kutuambia ndani kulikuwa na nini. Alikuja na ini lenye mafuta tu, angeweza kuishi nalo akipungua. Ini ndilo linalochuja huo unga wako. Ukimpa mtu ambaye ini lake tayari lina makovu, unambebesha mzigo mgonjwa.

Mti Shamba
Babu zetu walitibiwa na nini? Nyie mnatetea vidonge vya wazungu.

Dada wa Zamu
Nimesema kidonge wapi? Nimemwambia asinywe asichokijua.

Kizito wa Moshi
Bia tatu za mwisho wa wiki mwacheni nazo jamani, hilo si la mlevi.

Mama Tegeta
Kama kovu limeshaanza, hata hizo tatu za nini?

Mpiga Picha wa Mwanza
Kazi yangu ni kushika kile kifaa cha altrasaundi, miaka 14 sasa, kwa hiyo naomba nimweleze ndugu yetu tunachokiona.

Ini la kawaida na figo ya kulia vinakaribiana rangi kwenye kioo, kijivu kwa kijivu. Mafuta yakiingia, ini linakuwa jeupe na figo inabaki nyeusi pembeni yake. Hilo ndilo neno "linang'aa". Mafuta yakizidi yanameza mawimbi, sehemu za ndani zinakuwa giza na mimi siwezi kuziona vizuri. Kwa hiyo mafuta naweza kuyasemea kwa uhakika wa kutosha. Makovu ni habari nyingine. Nikiona nyama ya kukwaruza na ukingo usio laini naandika "dalili za", kwa sababu mafuta mengi pekee yanaweza kufanana na hivyo, na makovu machanga yanaweza yasionekane kabisa. Mashine yangu haiwezi kukuambia makovu ni ya hatua ya kwanza au ya tatu. Anayekusomea ripoti akakwambia una sirosisi, yaani ini zima limekakamaa kwa makovu, kwa maneno hayo tu, amekwenda mbali.

Maswali yangu mawili. Umepimwa homa ya ini B? Na umekulia wapi? Kisha tafuta kwenye karatasi ya damu vimeng'enya vya ini AST na ALT, na pletileti, yaani chembe za kugandisha damu, uziweke hapa.

Mtunza Stoo
AST 58, ALT 64, pletileti 165. Homa ya ini B hawajapima. Nimekulia Ukerewe, ziwani tuliogelea kila siku mpaka namaliza kidato cha nne. Kuna uhusiano gani?

Mpiga Picha wa Mwanza
Upo. Tuanze na hesabu. Kuna kanuni inaitwa FIB-4:

```
(umri × AST) ÷ (pletileti × √ALT)
(46 × 58) ÷ (165 × 8) = 2668 ÷ 1320 = 2.02
```

Chini ya 1.3, makovu makubwa hayaelekei kuwepo. Juu ya 2.67, unaenda kwa daktari bingwa bila kuchelewa. Wewe uko katikati, na katikati haijibu kitu. Inasema tu kwamba kukaa miezi 6 bila kipimo kingine si sawa. Omba faibroskani, inagonga ini kwa mtikisiko mdogo na kupima ugumu wake. Nenda hujala angalau saa tatu.

Sasa Ukerewe. Kichocho cha tumbo cha kule ziwani hutaga mayai yanayokwama ini, na ini linajenga makovu kuzunguka mishipa inayoleta damu kutoka tumboni. Kwenye kioo tunaona kuta nene nyeupe kama mabomba. Mpimaji wa Dar asiyekuuliza ulipokulia anaweza kuona makovu akayahesabu yote kwa mafuta. Unaweza kuwa na vyote viwili. Kupunguza uzito hakutibu kichocho, na dawa ya kichocho haipunguzi mafuta.

Binti Sengerema
Mkisema ziwani mnanitonesha. Kaka yangu alikuwa mvuvi, mwembamba, hajawahi kuwa na kitambi. Siku moja tunakula usiku akasema tumbo linaunguruma. Akainuka, hakufika mlangoni. Damu ilimtoka mdomoni nyeusi yenye mabonge, beseni la kufulia likajaa robo. Bodaboda wawili walikataa kumbeba, wa tatu akakubali, nikakaa nyuma nimemkumbatia asidondoke, kanga yangu yote imelowa. Njia nzima ananiuliza tumefika? Hospitali walimwongeza damu chupa nne, wakaingiza mpira wenye kamera wakafunga mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula. Ndipo wakatuambia ni makovu ya kichocho, bandama ilikuwa imefika kitovuni. Yu hai. Lakini mpaka leo akikohoa usiku naamka.

Fundi Redio
Ee Mungu. Pole sana dada.

Mama Tegeta
Nimesoma mara mbili. Mungu akutunzie huyo kaka. Huyo wa bodaboda wa tatu mlimpata tena?

Binti Sengerema
Tulimpata. Alikuja kumwona wodini.

Mwalimu Kilosa
Mimi pia niliambiwa figo ina mawe mwaka jana, je, hiyo faibroskani inafaa?

Mtunza Stoo
Sijalala tangu nisome habari ya kaka yake Binti. Ina maana na mimi naweza kutapika damu?

Mpiga Picha wa Mwanza
Mishipa huvimba damu inapozuiwa kupita ini, na ikizuiwa bandama hukua, pletileti hushuka. Bandama yako wamesema ya kawaida. Hauko alipokuwa kaka yake. Ila ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni damu, usisubiri asubuhi.

Mwalimu, mawe ya figo hapana.

Mtunza Stoo
Wakuu, wiki tatu zimepita. Homa ya ini B sina, C sina. Mara ya kwanza nilienda faibroskani nimetoka kunywa supu na chapati mbili, yule dada wa kipimo akanirudisha, akasema chakula kinafanya ini lisomeke gumu. Juzi nimeenda na njaa, ugumu wa ini ukasomeka 9.1 kPa. Daktari bingwa amesema makovu yapo, ya wastani, sirosisi hapana. Amesema nikishuka kilo 9 au 10 kwa mwaka makovu ya hatua hii yanaweza kurudi nyuma, ndiyo asilimia kumi ya uzito wangu. Bia na soda nimeacha siku hiyo hiyo. Kahawa bila sukari amesema ninywe tu. Nimeshapungua kilo moja na nusu.

Kwa kichocho, choo hakikuonyesha mayai, lakini amesema kwa mtu aliyetoka ziwani miaka 30 choo kinaweza kuwa safi na makovu yakabaki. Amenipa praziquantel mara moja. Bado hajajua ni kiasi gani cha makovu ni cha ziwa na kiasi gani ni cha soda, ameagiza altrasaundi irudiwe na mtu anayeijua picha ya kichocho.

Mpiga Picha wa Mwanza
Ukipanda huku Mwanza nitakupima mwenyewe. Njoo hujala, na uje na picha za mwanzo, si karatasi peke yake.

Kizito wa Moshi
Mpiga Picha, na aliyekulia Bwawa la Nyumba ya Mungu naye apime?