MREJESHO: Namba ya simu iliyopinduka kwenye kurasa za Kiarabu

Niliuliza: "Kwa nini +968 1234 5678 inaonekana 5678 1234 968+ nikiweka programu kwa Kiarabu?"

Wakuu, imekaa sawa, asanteni sana. Data haikuharibika: nikinakili namba, inatoka sahihi. Tarakimu na nafasi hazina mwelekeo wenye nguvu kama herufi, hivyo aya ya Kiarabu huyapanga mafungu ya tarakimu kutoka kulia, na alama ya kujumlisha ikabaki mwanzo wa kulia. Dawa ni kuitenga namba:

```html
<bdi dir="ltr">+968 1234 5678</bdi>
```

Kwenye arifa, ambako HTML haifanyi kazi, namba nimeizungushia alama zisizoonekana, U+2066 mwanzoni na U+2069 mwishoni.

Upande wa mpangilio, `margin-left` nimeigeuza kuwa `margin-inline-start`. Mshale wa kurudi unageuzwa. Ikoni ya saa niliiacha, maana mishale ya saa huzunguka upande uleule hata kwa Kiarabu.