Kijumbe kacheza majina matatu, mkono wangu umetoka pungufu

Tuko 12 kwenye upatu, kila Jumatatu 50,000, anayepokea hatoi. Mimi namba 10, kwa hiyo nilitakiwa nishike 550,000. Kijumbe kaniletea 400,000 kwenye mfuko wa sukari, noti za elfu mbilimbili. "Dada, kuna watu wamekwama, Jumatano nakumalizia." Leo Jumapili!

Pengo ni 150,000, yaani watu watatu. Nikachukua daftari nikapita kwa kila mtu. Wanane wamenionyesha meseji za muamala, wote walishatuma. Waliobaki ni kijumbe mwenyewe, "mdogo wake wa Tanga", na Mama Zai ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Na mikono ya hao watatu ni namba 1, 3 na 5! Kala 1,650,000 mapema, halafu akawa anajazia kila wiki kutoka kwenye genge lake. Genge limefungwa, na mimi ndiye nimeangukiwa.

Nimetoa 450,000, nimepata 400,000, na kesho anataka hamsini ya namba 11. Nampa ya nini?

Mzee wa Mbagala: Upatu ni kosa la jinai, dada. Ukienda polisi mtalala ndani wote.

Fundi Cherehani: Mzee, umechanganya. Sheria inabana ule upatu wa piramidi, unaolipa wa zamani kwa pesa ya wageni. Huu watu ni walewale 12 na una mwisho. Dada, usimpe kijumbe hata mia, ila hamsini ya namba 11 unadaiwa, maana naye alikutolea. Mpe mkononi, mbele ya shahidi, muandikishane. Ile 150,000 ni deni la kijumbe kwako: aandike kwa mwenyekiti wa mtaa majina yote matatu ni yake, atalipa lini, asaini. Mkimfokea tu, atahama usiku.

Bi Mkubwa wa Kikoba: Si mngefungua sanduku? Letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu, na hisa zinahesabiwa mbele ya wote.

Mwenye uzi: Bi mkubwa, la kwetu halina sanduku, pesa ikikusanywa inaondoka siku hiyohiyo. Fundi, nikimpa namba 11 na wa 12, nitakuwa nimetoa 550,000 kwa 400,000. Inaniuma!

Fundi Cherehani: Inauma, ndiyo. Lakini 11 na 12 nao watapata pungufu ileile. Nyie watatu mfuateni pamoja. Na kabla hajafuta chochote, piga picha orodha ya mikono aliyoituma kwenye grupu mwanzoni.

Mwenye uzi: Orodha aliisoma mdomoni tu, hatukuandikiwa. Namba 11 yuko mlangoni kwangu sasa hivi, anauliza kama kesho natoa.