Mavyaa anasema chai ya mwarobaini inatosha, lakini homa ya mtoto imerudi. Nimwambieje?

Mkarafuu_Wete (Jumamosi, saa 3 usiku)
Asalaam alaykum. Mtoto wa miaka 5, kilo 16, amerudi kutoka Tanga na baba yake wiki mbili sasa. Alhamisi jioni homa ilimpanda na baridi kali na kichwa. Mavyaa akachemsha konzi mbili za majani ya mwarobaini kwa lita ya maji mpaka yakabaki nusu, anampa nusu kikombe asubuhi na jioni. Jana akatoka jasho, homa ikashuka, leo mchana kacheza uwanjani kama kawaida. Magharibi imerudi, 39. Mavyaa anasema dawa imeshaanza kukata, tumalize siku saba. Anasema watoto wake wote kawalea hivyo na wazima. Baba mtoto yuko upande wa mamake. Sitaki ugomvi, nataka maneno ya kumwambia.

Pweza_Mkoani
Wa alaykum salaam. Msidharau majani. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na hizi dawa za mseto asili yake ni mmea wa Kichina. Mwarobaini nao umepimwa maabara ukaonekana unaua vijidudu vya malaria. Tatizo watu wanakunywa chai nyepesi. Uchemshwe zaidi.

Mpimaji_Chake
Dada, kwanza huyo mtoto apimwe. Usiku huu huu ikiwa anatapika kila kitu, hanywi, amelegea hakai, anahema mbio, kapata degedege au mkojo umekuwa mweusi. Kama hana lolote kati ya hayo na anakunywa maji, basi asubuhi na mapema, isifike adhuhuri. Homa baada ya safari ya bara ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Sasa hilo jasho la jana. Vijidudu vya malaria vinakua ndani ya chembe za damu, na kila baada ya saa 48 hivi vinazipasua na kutoka. Homa inapanda hapo. Vikishaingia kwenye chembe mpya, mtoto hutoka jasho, hupoa, hucheza. Hesabu: Alhamisi jioni mpaka Jumamosi jioni ni saa 48. Angekunywa chai, uji au maji matupu, Ijumaa angepoa vilevile. Si kila mgonjwa homa yake inafuata saa hivyo, lakini kwa huyu imejionyesha.

Na kila mzunguko vinaweza kuongezeka mara 8 mpaka 10. Ukingoja mizunguko miwili, yaani siku nne tu, unazungumzia karibu mara mia. Siku saba za mavyaa ni zaidi ya mizunguko mitatu. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anacheza Jumamosi anaweza kuwa hajitambui Jumanne.

@Pweza, maabara ni kweli. Lakini kule maji ya majani hutiwa moja kwa moja juu ya vijidudu kwenye kichupa. Mtu akinywa, dawa ipite tumboni, iingie kwenye damu na ibaki humo kwa kiasi cha kutosha. Baadhi ya hayo machungu yaliyoonyesha nguvu maabara hayayeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo mengi hubaki kwenye majani mnayoyatupa. Na konzi ya nani? Majani machanga au makavu, ya mti gani? Hakuna anayejua mtoto kapata miligramu ngapi.

Pweza_Mkoani
Mbona wa Kichina ulifaa?

Mpimaji_Chake
Ulifaa baada ya kuacha kuuchemsha. Profesa Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970 walikuwa wanapata matokeo ya kubahatisha, mpaka alipogundua kwamba moto unaharibu dawa, akaitoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Alipewa Nobeli 2015. Leo inawekwa kwa kipimo ndani ya kidonge pamoja na dawa ya pili ya kumalizia vijidudu vinavyobaki. Hata chai ya mmea huohuo Shirika la Afya Duniani haliishauri kwa malaria. Kwa hiyo mmea kuwa na dawa ndani yake hakuifanyi chai yake kuwa tiba.

Bahari_Nungwi
Mie mafuta ya mwarobaini najipaka, mbu hawanisogelei. Mtoto mpakeni.

Mpimaji_Chake
Kujipaka ni habari nyingine, huyu keshaumwa na mbu zamani. Ila kwa kuwa umeyataja: mafuta hayo mtoto asinyweshwe hata kijiko. Kuna watoto wamelazwa kwa kutapika, usingizi mzito na degedege baada ya kupewa, na dalili hizo zinafanana na malaria kali, hata anayempokea anaweza kuchanganyikiwa.

Shangazi_Jangombe
Mwanangu, mavyaa usimwambie mwarobaini haufai, utamfunga masikio. Na kweli kaona watoto wakipona. Lakini Zanzibar ya leo homa nyingi zinazopimwa vituoni si malaria, ni mafua na virusi vingine, zinapoa zenyewe siku ya tatu au ya nne, na chai ndiyo inayopewa sifa. Zamani nako malaria ilikuwa imejaa, aliyevuka utotoni mwili ulishaizoea kiasi. Wasiovuka hawapo kutoa ushahidi. Wajukuu zake hawana kinga ile. Mwambie: "Mama, tumpime kwanza tujue ni homa gani." Muombe aende yeye na mtoto, aone mstari kwa macho yake.

Mkarafuu_Wete (Jumapili, saa 5 asubuhi)
Mavyaa kakubali kwenda. Mistari miwili, ni malaria. Kituo cha serikali, hatukulipa kitu. Wamempa dawa ya mseto ya ASAQ, kidonge kimoja kwa siku, siku tatu, pakiti imeandikwa 50/135, na kidonge kingine kidogo cha mara moja. Cha kwanza cha ASAQ katapika baada ya dakika 20 hivi. Na mavyaa anataka chai iendelee pembeni.

Mpimaji_Chake
Kilo 16, 50/135 ni sawasawa. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi inarudiwa yote. Mpoze kidogo, kiponde kwenye kijiko cha maji, mpe taratibu. Akitapika tena rudi kituoni, na uombe kidonge cha kufidia ili siku ya tatu usipungukiwe. ASAQ huleta uchovu na kichefuchefu, watu wengi huachia siku ya pili kwa kuwa homa imeshashuka. Hapo vijidudu vilivyobaki huanza upya. Homa ya leo mpe parasetamoli, nusu ya kidonge cha 500, baada ya saa sita akihitaji, isizidi mara nne kwa siku.

Chai mimi nasema isimame siku hizi tatu. Uchungu wake unamtapisha, na akitapika anatoa dawa.

Shangazi_Jangombe
Mie ningemuachia mavyaa amnyweshe vijiko viwili saa kadhaa baada ya dawa, nyumba itulie.

Mpimaji_Chake
Kwa mtu mzima ningenyamaza. Kwa mtoto wa kilo 16 aliyekwisha tapika, sikubaliani nawe, shangazi. Mavyaa ampe uji na maji ya dafu.

Kijana_Micheweni
Nami nilimaliza dozi wiki iliyopita, nimepima tena kipimo cha haraka bado mistari miwili. Dawa imeshindwa?

Mpimaji_Chake
Si lazima. Kile kipimo kinashika protini ya kijidudu, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kama homa imerudi, omba upimwe kwa darubini. @Mkarafuu, nawe usimrudishe mtoto kwa kipimo cha haraka wiki ijayo, mavyaa akaona mistari akasema vidonge havikufanya kazi. Na baba mtoto aliyekuwa naye Tanga apimwe leo, hata kama hana homa.

Mkarafuu_Wete
Dozi ya kurudia imekaa, saa nzima hajatapika. Baba mtoto anasema yeye mzima, hapimwi.