Tupeane uzoefu: unukuzi wa mahojiano, bei kwa dakika ya sauti na rekodi chafu

Kalamu_Moro (ameanzisha)
Wakuu, uzi huu ni wa wanaotranskraibu mahojiano ya Kiswahili ya watafiti. Mfano wa kujadili huu hapa: majadiliano ya kikundi ya dakika 90, watu wanane na mhojaji, simu moja imewekwa mezani, ukumbi wa mabati, feni inazunguka. Mteja anauliza, "Bei gani kwa dakika?" na anataka jibu leo. Mnajibuje? Tuachane na habari za "nilianza vipi", tupeane hesabu na namna ya kufanya.

Kibodi254
Jibu ni mwendo wa vidole. Ukitoka maneno 40 kwa dakika ukafika 60, kazi inaisha mapema na bei unaishusha uwapiku wengine. Jifunze kuandika bila kutazama kibodi, hayo mengine ni mbwembwe.

Bi_Nukta
Kibodi254, hapo umepatia nusu. Chukua hizo dakika 90, tuseme kikundi kinatoa maneno 100 kwa dakika, jumla 9,000. Kwa mwendo wa 40 utaandika dakika 225, kwa mwendo wa 60 dakika 150. Umeokoa saa moja na robo. Lakini rekodi kama hiyo inakula saa 12 au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo huandiki, unarudisha nyuma usikie nani kasema nini. Anayetaka kuongeza kasi aanzie hapo. Express Scribe ina mpangilio wa kurudi nyuma yenyewe kila unaposimamisha. Iweke sekunde moja na nusu. Kusimamisha na kuendelea kuwe kwa pedali ya mguu, au kwa kitufe unachokifikia bila kuhamisha mkono. Kipanya ukikishika mara 600 kwenye faili moja, jioni imeshafika.

Kuhusu bei: usiitaje kabla ya kupima. Omba faili lenyewe, si sampuli aliyoichagua mteja, maana atakuchagulia dakika nzuri. Chukua dakika tano za katikati, kama kuanzia ya 40, kwa sababu mwanzoni watu wanajitambulisha mmoja mmoja na kila kitu kinasikika. Zitranskraibu kwa kiwango utakachokabidhi, saa mkononi.

Tuseme zimekuchukua dakika 40. Kila dakika ya sauti inakula dakika nane za kazi, kwa hiyo 90 mara 8 ni 720, saa 12. Ongeza kusikiliza upya faili zima huku unasoma, mara moja na nusu ya urefu wake: dakika 135. Jumla saa 14 na robo. Ukitaka saa yako ikulipe shilingi 6,000, kazi ni 85,500, na ukigawa kwa 90 unapata 950 kwa dakika ya sauti. Rekodi safi ya mtu mmoja na mhojaji, ambayo inakula dakika nne kwa moja, kwa hesabu hiyohiyo ni 550. Mtu wa bei moja kwa kila faili hujipunja kwenye chafu, au hukosa kazi kwenye safi.

mtoto_wa_Tanga
Mimi nina noti za sauti za wasapu za bosi, kama dakika 12, nataka kuzigeuza Kiingereza. Hiyo 950 inahusu na kutafsiri?

Bi_Nukta
Hapana mwanangu, hiyo ni kuandika kilichosemwa kwa lugha kilichosemwa. Tafsiri inahesabiwa peke yake, wengi kwa idadi ya maneno.

Fundi_Sauti
Niongeze kwenye rekodi chafu. Watu wengi wanaingiza faili Audacity, wanachagua kipande cha feni tupu, halafu wanavuta Noise Reduction hadi mwisho. Feni inanyamaza kweli, lakini sauti za watu zinabaki kama za mtu aliye ndani ya pipa, na herufi laini zimekufa, H, F na S zikiwa za kwanza. Kwa Kiswahili hilo ni hatari. "Hatalipa" inageuka "atalipa". "Hatakuja" inageuka "atakuja". Herufi moja imeondoka na maana imepinduka, na sentensi bado inasomeka vizuri, kwa hiyo hata mhariri hashtuki.

Ninavyoshauri: kwanza ondoa mngurumo wa chini ya hezi 100, hapo hakuna maneno. Kisha Noise Reduction desibeli 6 tu. Feni na jenereta zinapungua kwa sababu mlio wake ni uleule muda wote. Jogoo, watoto na vikombe havipungui, na mwangwi wa mabati hautoki, usijisumbue. Hatua ya kwanza inafanyika hivi:

```
ffmpeg -i kikundi3.m4a -af "highpass=f=100" kikundi3.wav
```

Faili la asili usiliguse. Ukikwama kwenye neno, lisikilize kwenye faili zote mbili. Kuna wakati lile chafu ndilo linalosema kweli.

mamaZuhura
Na hapo kwenye "atalipa" na "hatalipa", kama bado unasita, sikiliza sekunde 20 zinazofuata. Mara nyingi mwenzake anajibu, "Kwa nini asilipe?" Jibu limepatikana. Lisipopatikana usichague lenye mantiki, weka alama:

```
Mshiriki 4: Mwenyekiti [atalipa/hatalipa? 00:43:17] hela ya maji.
Mshiriki ?: [haisikiki 00:43:21, watu watatu kwa pamoja]
```

Jambo jingine ni saa. Mshiriki akisema "saa mbili asubuhi", andika saa mbili. Ukigeuza kuwa 2:00 umempotosha mtafiti, na ukigeuza kuwa 8:00 umeandika asichosema mtu.

Kibodi254
Sawa Bi Nukta, hesabu nimeielewa. Ila mteja anadai usahihi wa asilimia 98. Kwa rekodi ya hivyo inawezekana?

Bi_Nukta
Muulize 98 ya nini. Kwa maneno 9,000 asilimia mbili ni makosa 180, na "eeh" iliyorukwa inahesabika sawa na "hatalipa" iliyopoteza H. Kubalianeni kwa maandishi mambo mawili kabla ya kuanza: kama anataka kila "eeh" na kila kurudiarudia, au maneno yaliyosafishwa, na kwamba sehemu zenye alama ya haisikiki hazihesabiwi kama makosa. Neno kwa neno lina bei ya juu, na lile jaribio la dakika tano lazima lifanywe kwa mtindo huohuo.

Fundi_Sauti
Hapo kwenye kutohesabu zisizosikika, tutatofautiana. Mnukuzi mvivu ataweka haisikiki kila baada ya sentensi na atalipwa kamili. Mimi naona kuwe na kikomo, tuseme zikizidi mbili kwa dakika mteja apewe faili alisikilize kwanza.

mamaZuhura
Kikomo hicho kwenye watu wanane wanaoongea kwa pamoja utakivunja dakika ya kwanza, fundi. Labda kwa mahojiano ya mtu mmoja.

Kalamu_Moro
Na dakika zisizo na maneno, kama kikundi kilipokwenda kunywa chai na simu ikaendelea kurekodi? Mnazitoza?

Bi_Nukta
Natoza, kwa sababu nimezisikiliza kujua kwamba hazina kitu.

Kibodi254
Mimi nazikata na kumwambia mteja. Akiona umemkatia dakika 11 za chai, faili linalofuata habishani bei.